Hesabu kutoka saa ya kufunga: sikukuu, wikendi na nusu siku katika programu ya soko la hisa

*Mtaalamu, nina programu ya Python inayosawazisha mfuko wa hisa za Marekani siku ya mwisho ya soko kila mwezi, robo saa kabla ya kufunga. Cron inaiamsha saa 20:45 UTC (kiangazi huibadilisha kuwa 19:45), na ndani nimeweka orodha ya sikukuu. Tarehe 28 Novemba 2025 ilituma oda kama kawaida, lakini hakuna iliyotekelezwa hadi Jumatatu asubuhi, kwa bei nyingine kabisa. Nifanyeje iruke sikukuu na wikendi sawasawa? Na nusu siku niziruke pia?*

Ndugu, nusu siku usiziruke. Tarehe 28 Novemba ndiyo hasa uliyokuwa unaingoja. Alhamisi ya tarehe 27 ilikuwa Siku ya Shukrani na soko lilifungwa kutwa. Ijumaa lilifunguliwa saa 9:30 kama kawaida likafungwa saa 13:00, kisha tarehe 29 na 30 zikawa wikendi. Kwa hiyo kikao cha mwisho cha mwezi huo kilikuwa cha nusu siku. (Saa zote humu nimeziandika kwa mtindo wa saa 24, na zisipotajwa kuwa UTC basi ni za New York.) Programu yako ilipoamka saa 20:45 UTC, New York ilikuwa saa 15:45, na soko lilikuwa limeshafungwa kwa saa mbili na dakika 45. Oda zako zilikuwa za siku moja, na dalali alizipokea kama oda za kikao kinachofuata, yaani Jumatatu tarehe 1 Desemba. Madalali wengi hufanya hivyo bila kutoa hitilafu yoyote, ndiyo maana kumbukumbu za programu zilionyesha kila kitu kiko sawa.

Orodha yako ya sikukuu haikukosea. Siku ile haikuwa sikukuu, na haikuwa na sababu ya kuwemo. Kasoro ni kwamba programu inafahamu aina mbili tu za siku, wazi na kufungwa, na saa ya kazi umeiandika kama namba isiyobadilika. Unachokitaka kweli ni "dakika 15 kabla ya kufunga", na saa 20:45 UTC ni matokeo ya kanuni hiyo kwa baadhi ya siku tu. Tazama miezi mitatu iliyofuatana mwaka 2025. Tarehe 31 Oktoba New York bado ilikuwa kwenye saa za kiangazi, soko lilifunga saa 20:00 UTC, na wakati wako sahihi ulikuwa 19:45. Saa zilirudishwa nyuma Jumapili ya tarehe 2 Novemba, kwa hiyo tarehe 28 Novemba, saa 13:00 ya kufunga ilikuwa sawa na 18:00 UTC, na ulipaswa kutuma saa 17:45. Tarehe 31 Desemba ilikuwa siku kamili, kufunga saa 21:00 UTC, wakati wako 20:45. Kanuni ni ileile, lakini imezaa saa tatu tofauti kwa miezi mitatu, na mistari miwili ya cron unayobadilishana kwa mkono haiwezi kuibeba.

Huenda ukashawishika kuongeza mstari wa tatu kwa ajili ya nusu siku. Usifanye hivyo. Cron haifahamu soko, na hata kalenda ya kawaida huisoma kwa namna inayowashangaza wengi. Nimeona mara nyingi mtu akijaribu kukaribia mwisho wa mwezi hivi:

```
45 20 28-31 * 1-5
```

Anakusudia "siku za kazi zilizo kati ya tarehe 28 na 31". Cron ya kawaida, sehemu ya tarehe na sehemu ya siku ya wiki zikiwa zote zimewekewa mipaka, huendesha amri endapo *mojawapo* inatimia. Mstari huo utaamka kila siku ya kazi ya mwezi mzima, na pia Jumamosi au Jumapili ikiangukia tarehe 28 hadi 31. Na hata ungeusoma kama alivyokusudia mwandishi wake, Februari 2026 ungeikosa: tarehe 28 ni Jumamosi, kikao cha mwisho ni Ijumaa ya tarehe 27.

Kwa hiyo gawa kazi. Cron iwe ya kuamsha tu, mara nyingi na bila akili. Uamuzi wote ufanywe ndani ya programu, ambayo inaiuliza kalenda ya soko maswali matatu: je, leo kuna kikao? Je, ni cha mwisho wa mwezi? Kinafunga saa ngapi?

Kuhusu kalenda yenyewe, ningeiacha ile orodha ya mkono. Sikukuu za Soko la Hisa la New York zina kanuni zinazoteleza. Sikukuu ikiangukia Jumapili, soko hupumzika Jumatatu. Ikiangukia Jumamosi, hupumzika Ijumaa iliyotangulia, isipokuwa pale Ijumaa hiyo inapofunga hesabu za mwezi au mwaka. Ndiyo maana Mwaka Mpya wa 2022 ulipoangukia Jumamosi, soko lilifanya kazi kutwa Ijumaa ya tarehe 31 Desemba 2021. Aliyeandika kanuni ya "Jumamosi hurudi Ijumaa" peke yake aliikosa siku ya mwisho ya mwaka mzima. Nusu siku nazo zina tabia zao. Ijumaa baada ya Siku ya Shukrani ni ya nusu siku kila mwaka, lakini tarehe 3 Julai hutegemea siku ya wiki: mwaka 2025 iliangukia Alhamisi na soko likafunga saa 13:00, ilhali mwaka 2026 ni Ijumaa, tarehe 4 ni Jumamosi, kwa hiyo tarehe 3 ni mapumziko kamili na tarehe 2 ni siku kamili.

Vilevile usiazime kalenda ya sikukuu za serikali ya Marekani, ile inayopatikana ndani ya `pandas` kwa jina `USFederalHolidayCalendar`. Inakukosesha pande mbili. Ina Siku ya Columbus ya Oktoba na Siku ya Maveterani ya Novemba, ambazo soko la hisa hufanya kazi, na haina Ijumaa Kuu, ambayo soko hufungwa. Kwa kazi ya mwisho wa mwezi kama yako, Ijumaa Kuu si jambo dogo. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 29 Machi, na tarehe 30 na 31 zilikuwa wikendi. Kikao cha mwisho cha mwezi kilikuwa Alhamisi ya tarehe 28. Programu inayotafuta "siku ya mwisho ya kazi" kwa kuruka wikendi pekee ingengoja Ijumaa, na Machi ingepita bila kusawazishwa.

Maktaba ninayoitumia ni `exchange_calendars`, ambamo Soko la Hisa la New York linaitwa `XNYS`. Inakupa vikao, si siku, na kila kikao kina saa yake ya kufungua na kufunga katika UTC, mabadiliko ya saa za kiangazi yakiwa yameshahesabiwa. Moyo wa programu unakuwa mfupi:

```python
import exchange_calendars as xcals
import pandas as pd

cal = xcals.get_calendar("XNYS")

def amua(sasa):
    leo = sasa.tz_convert("America/New_York").tz_localize(None).normalize()
    if not cal.is_session(leo):
        return "hakuna_kikao"
    if cal.next_session(leo).month == leo.month:
        return "si_mwisho_wa_mwezi"
    kufunga = cal.session_close(leo)
    if sasa < kufunga - pd.Timedelta(minutes=15):
        return "subiri"
    if sasa < kufunga - pd.Timedelta(minutes=10):
        return "tuma"
    return "umechelewa"
```

Mstari wa kwanza wa kazi hiyo unastahili kuangaliwa kwa makini. Tarehe ya "leo" inachukuliwa baada ya saa kugeuzwa kuwa ya New York, si kabla. Kwa saa unazotumia wewe tarehe za UTC na New York zinalingana, lakini siku utakapoongeza kazi ya usiku, mathalani ya kukusanya bei za kufunga saa 00:30 UTC, seva itasema ni Jumamosi wakati New York ingali Ijumaa, na programu itaruka kikao kilichokuwepo. Heri tarehe ichukuliwe mahali pamoja kwa njia sahihi kuliko kila kazi kujihesabia yake.

Swali la mwisho wa mwezi limejibiwa bila kugusa tarehe 28, 30 wala 31. Tunakitafuta kikao kinachofuata. Kikiwa katika mwezi mwingine, cha leo ndicho cha mwisho. Wikendi, Ijumaa Kuu na Februari vyote vinamezwa na sentensi hiyo moja. Tarehe 28 Novemba 2025, kikao kinachofuata ni tarehe 1 Desemba, mwezi umebadilika, `session_close` inarudisha 18:00 UTC, na jibu la `tuma` linaanza saa 17:45.

Dakika 10 za mwisho nimeziacha nje kwa makusudi. Soko la Hisa la New York huacha kupokea oda mpya za bei ya kufunga dakika 10 kabla ya mwisho wa kikao: saa 15:50 siku ya kawaida, 12:50 siku ya nusu. Baadhi ya madalali hukata mapema zaidi, kwa hiyo soma masharti ya wako na usogeze mipaka. Muhimu ni kwamba mipaka yote miwili ihesabiwe kutoka `kufunga`.

Sasa saa za kuamsha. Kufunga kwa mapema kabisa ni nusu siku ya wakati wa saa za kiangazi, kama tarehe 3 Julai 2025: saa 17:00 UTC, yaani wakati wa kutuma 16:45. Kwa kuchelewa kabisa ni siku kamili ya majira ya baridi, 21:00 UTC, wakati wa kutuma 20:45. Mstari mmoja unazimeza zote, mwaka mzima:

```
* 16-20 * * 1-5
```

Programu itaamka kila dakika na karibu kila mara itajibu `hakuna_kikao`, `si_mwisho_wa_mwezi` au `subiri` kisha itaondoka. Gharama yake ni ndogo sana, na unapata nafasi tano za kutuma badala ya moja. Mtandao ukikatika saa 17:45, saa 17:46 inajaribu tena.

Nafasi tano zinaleta hatari ya kutuma mara tano, kwa hiyo weka alama ya kikao. Katika hifadhidata tengeneza jedwali ambalo ufunguo wake wa kipekee ni tarehe ya kikao, na uingize safu yenye hali ya "imeanza" *kabla* ya oda ya kwanza kutoka. Safu ikikataa kuingia, kuna aliyetangulia, ondoka. Kisha kila oda ipe kitambulisho chako mwenyewe kinachobeba tarehe ya kikao na alama ya hisa, mfano `2025-11-28-ABC`, na ukitume kwa dalali kama anaruhusu. Madalali wanaopokea vitambulisho hivyo kwa kawaida hukataa kilichokwisha kutumika. Hivyo programu ikifa katikati ya oda ya saba, dakika inayofuata unaweza kuiruhusu iendelee: zilizotangulia zitakataliwa na zilizobaki zitapita. Hapo alama ya "imeanza" iwe na maana ya "endelea ulipoishia" na iliyokamilika iandikwe "imekwisha". Ongeza kufuli ya kawaida ili dakika mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja.

Jibu la `umechelewa` ndilo lingekuokoa Novemba. Likitokea na kikao hakina alama ya "imekwisha", programu isitume chochote. Ipige kengele kwa mtu. Oda iliyotumwa dakika 12 baada ya kufunga si oda ileile tena: dalali akiipokea, itaingia kwenye mnada wa kufungua wa kikao kingine, kwa bei ambayo hesabu zako za uzito wa mfuko hazikuiona. Mtu mwenye macho anaweza kuamua kusawazisha Jumatatu kwa hesabu mpya. Programu isiamue hilo kwa bahati mbaya.

Turudi kwenye swali lako la pili. Wapo wanaoziruka nusu siku kwa sababu biashara huwa nyembamba, na kwa programu ya kununua na kuuza ndani ya siku hoja hiyo ina uzito. Kwako wewe naipinga. Ungeiruka tarehe 28 Novemba, siku ya mwisho ingerudi Jumatano ya tarehe 26, ilhali faharisi na mifuko unayojilinganisha nayo huhesabu mwezi kwa bei za kufunga za tarehe 28. Ungekuwa umebeba kikao kizima cha tofauti usichoweza kukieleza. Ukiona wembamba wa biashara unakutisha, punguza ukubwa wa oda siku hizo, na uandike hivyo wazi kwenye programu. `cal.early_closes` inakupa orodha ya vikao vyote vifupi.

Kagua pia kama kuna mahali pengine urefu wa siku umejificha. Kikao kamili kina dakika 390, cha nusu siku dakika 210. Tafuta 390 kwenye msimbo wako wote. Mara nyingi imo kwenye kugawa oda kubwa vipande sawa vya muda, au kwenye wastani wa kiasi cha biashara. Mpango wa kugawa oda kwa dakika 390 siku ya nusu utakuwa umetimiza zaidi kidogo ya nusu tu soko linapofunga. Kulinganisha biashara ya saa 12:45 na saa 12:45 za siku zilizopita nako kunapotosha, kwa kuwa siku ya nusu saa hiyo ndiyo kilele cha kufunga. Linganisha kwa dakika zilizobaki hadi kufunga.

Kalenda yoyote ina kikomo: inajua yaliyopangwa. Tarehe 9 Januari 2025 soko lilifungwa kwa maombolezo ya Jimmy Carter, na tarehe 5 Desemba 2018 kwa ya George H. W. Bush. Tarehe 29 na 30 Oktoba 2012 lilifungwa kwa ajili ya kimbunga Sandy. Matoleo ya maktaba yaliyotoka kabla ya matukio hayo hayawezi kuyajua, na ikiwa umeligandisha toleo moja kwenye seva, hutayajua hadi uliboreshe. Tangazo la Carter lilitoka mwishoni mwa Desemba 2024, siku za kutosha kwa mwenye utaratibu. Utaratibu wangu ni faili dogo la nyongeza ambalo programu hulisoma kabla ya kuiuliza kalenda, lenye tarehe zilizofungwa ghafla na saa mpya za kufunga kama zipo. Linahaririwa kwa mkono na halihitaji toleo jipya la programu. Faili hilo lazima liguse pia utafutaji wa kikao kinachofuata: kufungwa kwa ghafla kukiangukia siku ya mwisho ya mwezi, kikao cha jana yake ndicho kilichopaswa kufanya kazi, na `next_session` ya maktaba peke yake haitajua.

Kinga ya pili ni dalali mwenyewe. Wengi wana huduma inayosema kama soko liko wazi na litafunga saa ngapi. Alpaca, kwa mfano, hurudisha `is_open` na `next_close` kwenye `/v2/clock`. Kabla ya oda ya kwanza, linganisha saa hiyo ya kufunga na ya kalenda yako. Zikitofautiana hata kwa dakika moja, simama na uite mtu. Usiipe programu kanuni ya kuchagua ni ipi ya kuamini, maana tofauti hiyo ni dalili kwamba kuna jambo jipya ambalo aliyeandika kanuni hakulifikiria.

Kwa kuwa `amua` inapokea saa badala ya kuisoma yenyewe, kuijaribu ni rahisi: mpe saa ya uongo uone jibu. Ningeanza na hizi. Tarehe 28 Novemba 2025 saa 17:44 UTC ijibu `subiri`, 17:45 `tuma`, na 20:45 `umechelewa`. Tarehe 28 Machi 2024 saa 19:45 UTC `tuma`, na kesho yake saa ileile `hakuna_kikao`. Tarehe 31 Desemba 2021 saa 20:45 UTC `tuma`. Tarehe 9 Januari 2025 `hakuna_kikao`. Ikijibu kingine, maktaba yako imepitwa. Tarehe 13 Oktoba 2025, Siku ya Columbus, `si_mwisho_wa_mwezi`. Kisha zungusha vikao vyote vya miaka mitatu na uchapishe saa ya kutuma ya kila mwisho wa mwezi. Ni mistari 36 tu, isome kwa macho ukiilinganisha na ratiba ambayo soko lenyewe huitangaza.

La mwisho ni kumbukumbu. Mara moja kila siku ya Jumatatu hadi Ijumaa, iandike jibu pamoja na sababu: hakuna kikao, au kuna kikao kinachofunga saa fulani lakini si mwisho wa mwezi. Siku isiyo na mstari wowote maana yake programu haikuamka kabisa, na hilo usipoliandika litafanana kabisa na sikukuu. Weka kengele kwenye mashine nyingine inayolia mstari wa siku ukikosekana hadi saa 21:30 UTC.